Seva ya kwanza imekufa, ya pili inajikokota, halafu naambiwa kompyuta zangu zimezeeka

MamaSteshenari, Ngamiani

Ndugu zangu, naandika hasira ikiwa bado mbichi. Mtoa huduma wa intaneti mnamjua, yule ambaye mabango yake yameenea kuanzia Pongwe hadi Raskazone. Leo fundi wake alisimama katikati ya duka langu, mbele ya wateja sita, akaniambia, "Mama, kompyuta zako zimezeeka." Zimezeeka!

Kila ukurasa huganda zaidi ya sekunde sita kabla ya kufunguka, muda ambao jahazi lingeng'oa nanga na kukaribia Pemba, kisha hufunguka wote kwa mkupuo. Nikiandika namba ya anwani badala ya jina, `ping` hujibu papo hapo. Hapo nilijua kwamba kinachosubiriwa ni jina kugeuzwa kuwa namba. Nilifungua `/etc/resolv.conf`, ambayo hujazwa kwa maelekezo ya rauta yao, nikakuta seva zao mbili za kugeuza majina:

```
nameserver 10.20.0.2
nameserver 10.20.0.3
```

Niliiuliza kila seva peke yake kwa `dig @10.20.0.2 debian.org`, kisha kwa ile ya pili. Ya kwanza haikusema lolote hadi muda ukaisha. Ya pili ilijibu baada ya milisekunde 1400, na nilipolirudia jina lile lile ikachukua muda ule ule. Nilimwonyesha fundi yote hayo. Hakutazama hata skrini. Akasema kompyuta zimezeeka.

Kijana_Makorora

Pole, mama, lakini wewe ni wa kuchapa barua za maombi ya kazi. Mambo ya seva umeyaanza lini? Nunua kifurushi chenye kasi kubwa zaidi, tatizo litakwisha.

MamaSteshenari

Mwanangu, kasi ninayo. Faili kubwa likishaanza kushuka halisimami. Kinachokwama ni ile hatua ya kwanza ya kuuliza jina, na kifurushi kikubwa hakifufui seva iliyokufa.

FundiMkwakwani

Mama yuko sahihi. Debian, isipoelekezwa vingine, huisubiri seva ya kwanza sekunde 5 ndipo iende kwa ya pili, jumlisha 1.4 na utapata sekunde sita na ushei. Kila swali jipya huanza tena juu ya orodha, kwa kuwa hakuna aliyeiandikia kwamba wa kwanza ni maiti. Ubaya zaidi ni kwamba maiti huyu yuko kimya. Kama ingerudi taarifa kwamba mlango umefungwa, kompyuta ingehamia kwa seva ya pili mara moja.

BwanaPwani

Mbona ni rahisi? Ongeza mstari huu, kusubiri kutapungua:

```
options timeout:1
```

MamaSteshenari

Nimeujaribu sasa hivi, na hali imekuwa mbaya kuliko ya awali. Baada ya sekunde nne hivi, Firefox inaniambia `Server Not Found`, na ukurasa haufunguki kabisa. Wateja wanadhani nimevunja kitu, baada ya kusikia kwamba kompyuta zangu ni vikongwe!

FundiMkwakwani

Ndugu BwanaPwani amepatia nusu. Sekunde 1 ni fupi kwa seva inayojibu baada ya 1.4, kwa hiyo kompyuta inakata tamaa muda mfupi tu kabla ya jibu kufika. Mizunguko miwili kwa seva mbili ndiyo hizo sekunde nne. Weka 2 na utasubiri sekunde 3.4. Bora zaidi ni kuiondoa kabisa ile ya kwanza, ibaki 1.4 peke yake. Lakini usiifute ndani ya `/etc/resolv.conf` tu, kwa sababu DHCP, yale maelekezo ya rauta, itaiandika upya. Kama unatumia `dhclient`, weka hivi katika `/etc/dhcp/dhclient.conf`:

```
supersede domain-name-servers 10.20.0.3;
```

BwanaPwani

Basi aweke `rotate`, seva zipokezane.

FundiMkwakwani

Zikipokezana, maswali mengine bado yatamwangukia maiti kwanza. Utapata kurasa zinazoganda kwa bahati nasibu, na hizo ni ngumu zaidi kuzichunguza.

MamaSteshenari

Nimeiondoa. Kurasa zinafunguka kwa sekunde moja na nusu hivi, kwenye kompyuta zile zile zilizozeeka. Naomba fundi yule arudi, na wateja wale sita wawepo.

BintiPangani

Mimi natumia Ubuntu na mtoa huduma huyo huyo, lakini kwangu hukwama mara ya kwanza tu, kisha mambo huenda vizuri hadi niwashe upya. Je, seva yangu ya kwanza ni nzima?

FundiMkwakwani

Huenda imekufa vile vile. Ubuntu ina `systemd-resolved`, ambayo ikihamia kwenye seva inayojibu hukaa nayo. Endesha `resolvectl status` utuonyeshe. Kwa nini ile ya pili inachelewa, mimi sijui; kutoka huku nje hatuwezi kuona kama imeelemewa au njia ya kuifikia ndiyo imejaa.

Mzee_Chumbageni

Mnazungumzia sekunde sita? Kwangu rauta yao yenyewe huzima kila adhuhuri. Nilipompigia fundi huyo, aliniambia ukuta wa nyumba yangu umezeeka.

Kijana_Makorora

Ukuta, mzee? Hebu tueleze vizuri.