Naomba ushauri: ratiba ya marudio ya Kemia kila Jumamosi

Ndugu wanakikundi,

Kwa kuwa mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba, naomba ushauri wenu kuhusu namna ya kutumia saa mbili zetu za kila Jumamosi. Tulipofanya swali la kupasha moto gramu 10 za kalsiamu kabonati, wengi waligawa gramu hizo sawasawa kati ya oksidi na gesi, wakapata gramu 5 za kabonidioksaidi, kwa sababu mlinganyo unaonyesha uwiano wa 1:1. Uwiano huo ni wa moli, si wa gramu: gramu 10 ukizigawa kwa 100, yaani gramu za moli moja ya kalsiamu kabonati, unapata moli 0.1, ambayo ukiizidisha kwa 44, yaani gramu za moli moja ya kabonidioksaidi, inatoa gramu 4.4.

Ubaoni kila mtu aliitikia kwamba ameelewa (kuitikia ni rahisi), ila madaftari yalionyesha vingine. Kwa hiyo napendekeza kila mmoja alifanye swali peke yake kwa dakika 20, tubadilishane madaftari, ndipo tujadili. Je, mnaonaje: tuanze hivyo na maswali ya moli pekee, au tuchukue karatasi nzima ya mtihani uliopita? Naomba majibu kabla ya Ijumaa.