Naombeni ushauri: video yetu ya hitilafu iliwafanya wateja watume pesa mara mbili mbili

Nuru_wa_Taarifa (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Nafanya kazi kitengo cha mawasiliano kwenye kampuni ya malipo kwa simu. Juzi mfumo wa kutuma pesa ulikwama kuanzia saa 4:10 asubuhi, na kazi ya kutengeneza video ya kuwaarifu wateja ikaniangukia mimi. Ilitoka saa 6 na dakika kadhaa mchana, ina dakika 1 na sekunde 50. Mkuu wa kitengo amekaa mezani, nembo iko nyuma yake, anasema hivi:

"Ndugu mteja wetu mpendwa, tunapenda kukuarifu kuwa kutokana na changamoto za kiufundi zilizojitokeza, baadhi ya huduma zinaweza kutopatikana kwa ufanisi. Wataalamu wetu wanaendelea kulishughulikia suala hili. Tunaomba radhi kwa usumbufu na tunakusihi uendelee kuwa mvumilivu..."

Ikaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Watu wengi waliitazama. Jioni mfumo uliporudi, miamala iliyokuwa imekwama ikaanza kupita, na tukagundua watu walikuwa wanarudia kutuma mchana kutwa. Kuna mteja alituma kodi ya nyumba mara 4, zote 4 zikaingia kwa mwenye nyumba. Alinipigia mimi mwenyewe. Akaniuliza, "Mbona kwenye video hamkusema nisirudie?" Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo swali lake halijaniacha.

Nataka tuwe na muswada ulio tayari kwa siku nyingine. Niusahihishe wapi?

---

MzeeKigoda

Dada yangu, pole. Kosa lenu ni kwamba hamkumweka bosi mkubwa kabisa. Mteja akimwona mkurugenzi anatulia. Pili, elezeni chanzo cha tatizo kwa ukweli. Tatu, semeni huduma itarudi saa ngapi. Neno "changamoto" lifutwe kabisa, hilo ni la kukwepa. Semeni hitilafu.

---

Mpita_Njia77

Mimi niliyetuma pesa ikakatwa na haijafika, nifungue malalamiko wapi? Ni siku 3 sasa.

---

Fundi_wa_Mitambo

Nimekaa zamu za usiku kwenye mifumo ya malipo miaka mingi, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Mzee Kigoda yuko sawa kuhusu neno changamoto. Kuhusu muda wa huduma kurudi, hapana. Saa mbili za mwanzo mafundi wenyewe mara nyingi hawajui wanatafuta nini. Ukisema saa 8 mchana halafu saa 8 ipite, kila mtu anajaribu kutuma dakika ileile uliyoitaja, na mfumo unaoamka polepole unalala tena. Kitu unachoweza kuahidi ni saa ya taarifa ijayo, kwa sababu hiyo iko mikononi mwako. "Tutarudi kwenu saa 7 mchana, hata kama hatujamaliza." Saa 7 ikifika, rudi kweli.

Sasa kwenye kiini. Mteja akituma na simu ikaandika kwamba ombi halikukamilika, yeye anaelewa kuwa pesa haijatoka. Mara nyingi ombi lilishafika na salio limeshakatwa. Jibu ndilo lililopotea likirudi. Akibonyeza tena, mfumo hauoni marudio, unaona ombi jipya lenye namba yake mpya. Ndiyo maana kodi iliingia mara 4. Mfumo ulifanya ulichoombwa.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza kabisa ya video, kabla ya salamu na kabla ya nembo, iwe "Usitume tena." Watu wengi hawafiki sekunde ya kumi. Wakiondoka na maneno hayo mawili tu, umeshaokoa pesa zao.

@Mpita_Njia77 ndugu yangu, uzi huu ni wa kutengeneza tangazo, lakini usiondoke mikono mitupu. Tafuta namba ya muamala kwenye orodha ya miamala yako, au kwenye ujumbe kama uliupata, uwapelekee huduma kwa wateja pamoja na saa uliyotuma. Bila namba hiyo watakuzungusha.

---

Binti_Sefu

Mimi nina kaka yangu asiyesikia. Siku ya hitilafu kama hiyo kwenye kampuni nyingine alinionyesha video yao kwenye simu, mtu anaongea kwa huzuni, hakuna hata herufi moja chini. Akaniandikia, "Anasema nini? Nimefiwa?" Nilimwandikia maneno ya yule msemaji sentensi moja moja mpaka mwisho, na mwisho wake hapakuwa na cha kufanya. Tafadhali dada, weka maandishi ndani ya picha yenyewe. Na hata wanaosikia, wengi wanatazama kwenye gari au kazini, sauti imezimwa.

---

Kapteni_wa_Kamera

Nakubaliana na Binti Sefu, na naongeza kitu ambacho watu hukisahau: saa na tarehe.

Video ikishasambazwa WhatsApp, anayeipokea anaona saa aliyotumiwa yeye, haoni saa uliyoirekodi. Kesho asubuhi huduma ni nzima, lakini video yako inazunguka kwenye makundi ikisema usitume pesa, na watu wanaacha kutuma. Kwa hiyo andika juu ya picha, muda wote wa video: tarehe, na "Imerekodiwa saa 5:00 asubuhi".

Na hapa kwetu sisi wa Kiswahili kuna mtego. Ukiandika "taarifa ijayo saa 10:00", mmoja anasubiri saa kumi jioni, mwingine anatazama saa ya simu yake ambayo 10:00 kwake ni saa nne asubuhi. Wanapishana saa 6 nzima. Usiandike saa bila asubuhi, mchana, jioni au usiku. Mimi niliwahi kurekebisha tangazo la mteja wangu kwa sababu hiyo tu, nusu ya watu walifika muda mwingine.

Urefu: sekunde 45, simu ikiwa wima. Nikisoma taratibu, sekunde 45 zinameza maneno 85 hivi, si zaidi. Faili liwe dogo, mtu mwenye bando kidogo lifunguke.

---

Nuru_wa_Taarifa

Asanteni sana. Binti Sefu, umenigusa. Nimekaa nikaandika upya. Ukweli wa siku ile ulikuwa huu: kutuma pesa kumekwama, kuangalia salio kunafanya kazi, na kadi zetu zinafanya kazi kwa sababu zinapita njia nyingine.

"Usitume tena. Kama umetuma pesa leo tangu saa 4:10 asubuhi na hujapata ujumbe wa kuthibitisha, angalia salio lako. Kama limepungua, subiri. Kama halijapungua, tuma tena. Kama una haraka, lipa kwa kadi. Tutakupa taarifa nyingine saa 7:00 mchana."

---

Fundi_wa_Mitambo

Mwanzo umekaa vizuri sana. Ila kuna mashimo mawili, na yote mawili yanamrudisha yule baba wa kodi palepale.

La kwanza ni "kama halijapungua, tuma tena". Siku ya hitilafu, salio analoona mteja linaweza kuwa linasomwa kwenye nakala inayochelewa nyuma ya kitabu halisi cha hesabu kwa dakika kadhaa, au zaidi. Au ombi lake liko kwenye foleni na halijaguswa bado. Anaona salio liko pale pale, anatuma, jioni yote mawili yanapita. Waulize mafundi wako swali moja: "Salio likionekana zima, nina uhakika ombi halipo kwenye foleni?" Wakisita, toa sentensi hiyo.

La pili ni kadi. Mtu aliyekwishatuma kodi kwa simu akaambiwa "lipa kwa kadi" atalipa kwa kadi, na ile ya kwanza nayo itapita. Kadi ni kwa malipo ambayo hujayajaribu kabisa leo. Lisemwe hivyo hivyo.

Na ongeza kuhusu namba ya siri. Hitilafu ikitangazwa, matapeli wanaamka nayo. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows duniani, siku ileile CISA, mamlaka ya usalama wa mtandao ya Marekani, ilionya kuhusu matapeli waliokuwa wanaitumia hitilafu hiyo kuwarubuni watu. Kwenye malipo ya simu watapiga na kusema, "Nipe namba ya siri nikurudishie pesa iliyokwama."

---

MzeeKigoda

Fundi, nakubali kuhusu muda. Lakini kuhusu radhi siachi. Mtu pesa yake imekwama na wewe unamwamuru tu usifanye hiki, fanya kile? Si heshima.

---

Fundi_wa_Mitambo

Mzee wangu, radhi iwepo, iwe mwishoni na iwe sentensi moja. Ikitangulia, inakula zile sekunde ambazo mtu ameshika simu kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma.

---

Kapteni_wa_Kamera

Hapo mimi niko na Mzee kidogo. Sura ya mtu ina uzito, maandishi matupu yanafanana na ya matapeli. Ila asiwe mkurugenzi anayesubiriwa avae tai. Awe msemaji ambaye wateja wamekwishamzoea.

Na msiiweke ndani ya programu yenu peke yake. Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika tarehe 4 Oktoba 2021 kwa takriban saa 6, kampuni ililazimika kuzungumza na watu kupitia Twitter.

---

Nuru_wa_Taarifa

Nimewauliza mafundi lile swali la salio. Walisita. Nimetoa sentensi. Huu hapa wa sasa:

"Usitume tena. Kama umetuma pesa leo tangu saa 4:10 asubuhi na hujapata ujumbe wa kuthibitisha, usirudie, hata kama salio linaonekana halijapungua. Ombi lako linaweza kuwa kwenye foleni. Litakamilika, au pesa itarudi kwako, bila wewe kupiga simu. Malipo ambayo hujayajaribu kabisa leo, unaweza kulipa kwa kadi yetu. Hatutakupigia kukuomba namba ya siri; anayeiomba ni mwizi. Tutakupa taarifa nyingine saa 7:00 mchana, hata kama hatujamaliza. Tunaomba radhi kwa pesa yako kukwama."

Nimejirekodi nikiusoma, sekunde 41. Nimemtumia yule baba wa kodi bila sauti, maandishi tu, nikamuuliza angefanya nini. Akajibu, "Ningeacha simu mezani."

---

Binti_Sefu

Kaka yangu ameisoma, ameelewa. Ila anasema sentensi ya pili inapita haraka, igawe mara mbili.

---

Fundi_wa_Mitambo

Vizuri. "Pesa itarudi kwako bila kupiga simu" hakikisha ni kweli kwa mfumo wenu kabla ya kuisema. Kuna mifumo inayosubiri mtu arudishe kwa mkono. Na huduma ikirudi, toa video ya pili inayoanza na "Sasa unaweza kutuma", ukitaja walio kwenye foleni wafanye nini. Ile ya kwanza usiiache ikiwa imebandikwa juu.

Linalonisumbua ni lingine: saa 4:10 mpaka saa 6. Muda huo mlikuwa mnafanya nini?

---

Nuru_wa_Taarifa

Tulikuwa tunasubiri saini tatu. Sheria, masoko, kisha mkurugenzi, aliyekuwa kwenye kikao.

Nitapeleka muswada huu uidhinishwe sasa, nikiacha wazi nafasi tatu tu: saa ilipoanza, huduma iliyokwama, na saa ya taarifa ijayo. Nizijaze mimi na fundi wa zamu bila kumsubiri mtu. Kitengo cha sheria tayari wamesema sentensi ya foleni inakiri kosa na hawaitaki. Aliyewahi kuvuka hapo aniambie alivukaje, kikao ni Jumatano.