Nyota wangu wawili hawasemezani, nusu fainali ni Jumamosi

Kocha wa Eastlands: Hamjambo wadau. Nafunza mpira wa miguu shule moja ya upili hapa Nairobi. Juzi tulipata penalti, namba 9 na namba 10 wakanyang'anyana mpira, wakasukumana, kisha 9 akapiga nje. Sasa hawapasiani hata mazoezini. Nimewaita ofisini pamoja mara mbili, kimya. Nifanyeje?

Msee wa Buru: Wafungie stoo ya mipira. Watatoka marafiki au majeruhi.

Refa Mstaafu: Mna bahati. Mwaka 2005 Bowyer na Dyer wa Newcastle walipigana wao kwa wao uwanjani, wote wakala nyekundu. Kisheria nahodha ndiye huchagua mpigaji.

Ticha wa Michezo: Hapana mzee, sheria inataka tu mpigaji ajulikane kabla ya kupiga. Kumchagua ni shauri la timu. Kocha, umeanzia mwisho. Kijana hakubali kosa mbele ya hasimu wake. Mwone kila mmoja peke yake, tena nje ya ofisi, umuulize alichoona, si nani mkosaji. Ndipo uwakutanishe: mmoja asimulie bila kukatizwa, mwenzake arudie alichosikia hadi aambiwe "ndivyo". Lakini nani alipangiwa penalti?

Kocha wa Eastlands: Nilimwambia 9, lakini si mbele ya timu.

Ticha wa Michezo: Kwa nini yeye?

Kocha wa Eastlands: Ni mpwa wangu, anaishi kwangu. Lakini ndiye mfungaji wetu bora, na unahodha nimeshaamua nimpe. Huo si upendeleo.

Baba Pacha: Mimi nilikaa benchi miaka miwili kwa ajili ya mtoto wa kocha. Hadi leo nikimwona navuka barabara.

Msee wa Buru: Ngoja kwanza. Soka la shule ni muhula wa pili. Nusu fainali gani hii mwezi wa Oktoba? Hii ni hadithi.

Kocha wa Eastlands: Nimesema ni mashindano ya wizara? Ni kombe la shule jirani, tumealikwa.

Ticha wa Michezo: Iwe hadithi iwe kweli, wewe si mpatanishi tena, ni sehemu ya ugomvi. Kikao kiongozwe na mwalimu wa ushauri nasaha, wewe uingie useme ulichomwahidi mpwa wako. Kanuni zitungwe na kikosi kizima, wa akiba wakiwemo, zisizidi nne. Mpigaji wa kwanza na wa pili wabandikwe ukutani kabla ya mechi. Anayekosa mazoezi bila ruhusa haanzi, hata awe nani. Kesi za mpwa wako aamue msaidizi wako. Siku nyota atakapochelewa ndipo timu itajua kama mlimaanisha.

Refa Mstaafu: Na unahodha upigiwe kura.

Ticha wa Michezo: Hapo sina hakika. Kura nayo huzaa kambi.

Kocha wa Eastlands: Nimeongea na 10 kwenye basi. Anasema hata hakujali penalti. Alikuwa ameshakiona kitambaa cha nahodha kwenye begi la mpwa wangu.