Mkataba unaisha 31 Desemba, bosi anasema "usijali". Naomba ushauri

Habari wakuu. Mimi ni mhasibu kwenye mradi mmoja hapa Dodoma, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Umeshahuishwa mara mbili, na mara zote barua ilitoka mwezi Novemba. Mwaka huu Novemba imekatika, kimya. Nikimuuliza bosi ananigonga bega: "Usijali, tuko pamoja." Ila bajeti ya mwakani nimeiandaa mwenyewe, na mstari wa mshahara wangu una fedha hadi Machi tu.

Nimesoma Kanuni za Ajira za 2007: mkataba wa muda maalumu hufika mwisho wenyewe tarehe ikifika. Lakini kama mwajiri amekupa matarajio ya haki kwamba atauhuisha, kisha asiuhuishe, inaweza kuhesabika kuwa umeachishwa isivyo halali. Shida ni kuthibitisha, maana ahadi zangu zote ni za mdomo.

Kwa hiyo nataka kumwandikia baruapepe fupi: nikumbushie mazungumzo yetu, niulize kama nitahuishiwa au kuna nafasi ya ajira ya kudumu, niombe jibu kabla ya tarehe 10. Ataona namshinikiza?

La pili, nimeitwa usaili kwingine na wanataka msimamizi wangu wa sasa awe mdhamini. Nimwambie kabla hajajibu baruapepe, au niwaombe hao wasimpigie hadi wanipe ofa? Nina watoto wawili na ada ya Januari. Waliopitia hili, mlianza na lipi?