Naomba ushauri: fundi cherehani anataka kila kitu ukurasa wa mbele

Wakuu habari, namtengenezea tovuti mama mmoja fundi cherehani Kariakoo, anataka picha zote za magauni, vitenge na sare za shule zikae ukurasa wa mbele. Nikamwambia mama, picha 40 za megabaiti 3 kila moja ni megabaiti 120, mteja mwenye bando dogo atatoka kabla namba yako haijatokea. Akanijibu, "mwanangu, nguo nimezitundika mpaka mlangoni na ndo zinaniletea wateja." Hapo ana hoja kabisa. Nafikiria nibakize picha 6 nizibane mpaka kilobaiti 150, kitufe cha wasapu juu, zingine ziende ukurasa wa pili. Mliofanya kazi na mafundi, nimuoneshe vipi kwenye simu yake aelewe bila kuona namdharau?