"Sifuri ya mbele haina thamani": mtunza jedwali wetu ametulaza gizani

Mzabibu Mchachu (mwanzisha uzi)

Wakuu wa Dodoma, naandika damu ikinichemka na simu ikiwa imebakiwa na chaji ya kukata roho, kwa hiyo mnivumilie. Kila mpangaji wa Nkuhungu anamfahamu bwana yule wa kompyuta mpakato, na sina haja ya kumtaja. Nyumba yetu inachangia mita moja. Anayenunua umeme humtumia bwana huyo risiti, naye huinakili tokeni, uniti, kiasi kilicholipwa na tarehe kwenye jedwali lake, kisha hututumia jedwali hilo ili aliye nyumbani aiingize tokeni. Kwa nini asitutumie risiti yenyewe? Muulizeni yeye, maana inaonekana heshima ya jedwali ni kubwa kuliko mwanga.

Risiti ya jana ilisomeka hivi: tokeni 0473 2906 1185 7340 6621, uniti 23.9, kiasi 10,000, tarehe 02/07/2025. Alichotutumia yeye ni 4732 9061 1857 3400 0000. Tukaiingiza, mita ikakataa. Tukairudia taratibu, ikakataa tena, na friji ya jirani yangu yenye samaki ikaanza kutoa taarifa kwa mtaa mzima.

Nilipomwuliza mbele ya wapangaji wote sifuri ya mwanzo imekwenda wapi, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema: "Dada, sifuri ya mbele haina thamani. Hata mtoto wa darasa la pili analijua hilo." Watu wakacheka. Wakacheka gizani, wakuu! Kisha akaongeza kwamba, kama ninapenda sifuri, ameniwekea moja nyuma ili tarakimu zitimie ishirini. Haina thamani! Mimi niliyelala na dirisha wazi nikiwalisha mbu wa wilaya nzima, naambiwa sifuri haina thamani.

Kinyozi wa Makole

Pole, dada, ila nimecheka mpaka mteja wangu amegeuka na wembe uko shingoni. Kwa hiyo nyumba nzima mmelala gizani kwa sababu ya sifuri moja, na hakuna hata mmoja aliyemwomba aliyenunua awasomee ujumbe wake?

Mzabibu Mchachu

Aliyenunua alikuwa safarini kuelekea Kondoa na simu yake haipatikani. Usinibadilishie mada. Nilisema alivua MIWANI.

Karani Mstaafu

Bibie, nimetunza majedwali kwa miaka mingi, na naona mmeshikilia kosa dogo mkaliacha kubwa. Linganisheni namba hizo mbili. Hata mkiirudisha sifuri mbele na kuiondoa ile aliyoibandika nyuma, mtapata 0473 2906 1185 7340 0000, na mita bado itaikataa, kwa sababu kundi la mwisho, 6621, limekufa. Programu ya jedwali ikiona tarakimu tupu huzichukua kuwa ni namba ya kuhesabia, hivyo huitupa sifuri ya mbele. Kisha hushika tarakimu kumi na tano tu, na zinazofuata huzigeuza kuwa sifuri. Hapo kwenye kisanduku huonekana kitu kama 4.73291E+18. Bila shaka bwana wenu aliipanua namba hiyo, akaikata upya makundi ya nne nne kuanzia kushoto, akaona zimebaki tatu mwishoni, akajaza sifuri. Ndiyo sababu kila kundi limesogea hatua moja.

Tokeni haijumlishwi wala haizidishwi na chochote, kwa hiyo hiyo ni maandishi. Safu yake inapaswa kuwekwa katika mpangilio wa maandishi kabla ya kuandika, au kila tokeni ianzishwe kwa alama hii: '. Kiasi na uniti ndivyo vibaki kuwa namba.

Fundi Simu Majengo

Mzee umezunguka sana. Abadilishe tu mpangilio wa kisanduku, achague namba isiyo na desimali, na tarakimu zote zitaonekana.

Karani Mstaafu

Zitaonekana tarakimu kumi na tisa, kijana wangu, na nne za mwisho zitakuwa sifuri zilezile. Kilichokwisha kupotea wakati wa kuandika hakirudishwi kwa kubadilisha sura ya kisanduku. Dawa ni kurudi kwenye risiti, au kumwomba muuzaji aitume tena kwa namba ya mita. Tokeni ya manunuzi yale yale itakuja na tarakimu zile zile, na kwa kuwa haijawahi kuingia, mita itaipokea.

Mama Ntilie Sabasaba

Hata mimi nilisumbuliwa mwaka jana! Niliponunua nikaletewa tokeni tatu badala ya moja, nikaingiza ya mwisho peke yake kwa kuwa ndiyo yenye uniti, mita ikagoma. Huyo bwana wenu hakuwapa mbili za mwanzo.

Karani Mstaafu

Hilo ni jambo jingine, mama. Zile zilikuwa za kuboresha mita kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Mbili za mwanzo hazikubeba umeme, zilibadilisha ufunguo wa mita, na zilipaswa kuingia kwa mfuatano. Hapa risiti ina tokeni moja.

Mzabibu Mchachu

Nimefungua jedwali lake sasa hivi, na msishangae nikipaza sauti. Manunuzi ya tarehe 02/07/2025 yamekaa pamoja na ya Februari! Kompyuta yake inatanguliza mwezi, basi mbili Julai imegeuka kuwa saba Februari, na alipopanga kwa tarehe, mstari mzima ukahama. Nilipomwonyesha alisema tarehe nayo si kitu muhimu. Sifuri haina thamani, tarehe haina umuhimu. Sasa sijui anatunza nini.

Mpangaji Ipagala

Tarehe ina umuhimu sana, kwa sababu kodi ya jengo hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Jedwali lenu litaonyesha Februari imekatwa mara mbili na Julai haikukatwa kabisa, na hapo mtagombana. Lakini mimi nina swali zito zaidi: elfu kumi inawezaje kutoa uniti 23.9? Mimi hupata 28.1. Huyo anawaibia.

Karani Mstaafu

Hakuna wizi hapo. Ondoa 1,500 ya kodi ya jengo, inabaki 8,500. Gawa kwa 1.22, yaani asilimia 18 ya VAT, 3 ya REA na 1 ya EWURA juu ya bei ya umeme, unapata kama 6,967. Gawa kwa 292, bei ya uniti moja kwenye daraja lao, na jibu ni 23.9. Ile 28.1 yako ni ya manunuzi ya pili ya mwezi. Kwa njia hiyo utagundua pia kama mtu amenakili uniti vibaya, jambo ambalo kwenye tokeni huwezi kulifanya kwa kichwa.

Mpangaji Ipagala

Basi kwa nini mimi juzi nilikatwa 3,000?

Kinyozi wa Makole

Hukununua umeme mwezi uliopita, ndugu, deni limekungoja.

Mpangaji Ipagala

Mwezi uliopita nilikuwa Singida na nyumba imefungwa! Na mwenye nyumba ndiye mwenye jengo, kwa nini nilipe mimi?

Mama Ntilie Sabasaba

Wa kwangu anasema mkataba haukutaja, kwa hiyo ni ya mpangaji. Nikimpigia simu hapokei.

Fundi Simu Majengo

Wa kwangu tumekubaliana ninamkata kwenye kodi ya pango kila mwisho wa miezi sita, ila lazima niwe na risiti zote, na zile za karatasi zinafutika zikikaa juani. Nani anajua namna ya kuzihifadhi?

Mzabibu Mchachu

Wakuu, uzi huu ni wa sifuri yangu.

Mpangaji Ipagala

Mwenye mfano wa barua ya kumdai mwenye nyumba hiyo 1,500 aniwekee hapa, tafadhali.