Vidio ya usalama kwa vibarua wasiojua kusoma, saiti Mtwara: picha tunaona tofauti, naomba ushauri

Fomeni_Mikindani

Habari za muda huu wakuu. Mimi ni fomeni kwenye saiti moja huku Mikindani, tunachimba mitaro ya msingi, kina mita moja na nusu, na upande wa shimo la maji taka tunaenda mpaka mita mbili na kitu. Udongo ni kichanga, nyie wa huku mnaujua. Vibarua ni 25 mpaka 40 kwa siku na kila asubuhi kuna sura mpya, msimu wa korosho ukiisha ndo wanajaa zaidi. Wengi wanasaini kwa dole gumba.

Bosi alileta vidio ya usalama ya dakika 14, imetengenezwa vizuri tu, ina katuni, maandishi chini, mishale na alama nyekundu za X. Tukawaonyesha, wakaangalia kimya, wakaweka dole gumba kwenye fomu, wakaingia kazini. Mimi moyo ukakataa nikawaita watatu pembeni mmoja mmoja, nikarudisha ile picha ya mtu anaruka kuingia mtaroni ina X nyekundu juu yake, nikauliza unaona nini hapa.

Wa kwanza akasema hiyo nyumba inabomolewa. Nikashangaa, akaniambia X nyekundu si ndo wanayoweka kwenye nyumba za hifadhi ya barabara. Wa pili akasema mtu anafundishwa kuruka mtaro. Wa tatu alielewa, lakini ule mshale unaoonyesha ufa kwenye ukingo akadhani ni mshale kweli wa kuwindia.

Siku tatu baadae nikamkuta yule wa pili anaruka mtaroni kwa miguu miwili, pale pale kwenye ukingo, na ukingo ukamomonyoka kidogo. Hakuumia namshukuru Mungu, ila sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nataka nitengeneze vidio yetu wenyewe kwa simu. Nianzie wapi?

Kusini_Damu

Kaka tatizo ni lugha tu hapo. Weka sauti ya Kimakonde imeisha. Hizo alama nyekundu ni za dunia nzima zinaeleweka, we uwaelekeze tu mara moja maana yake watashika.

Jicho_la_Juu

Mkuu mi nina droni napiga vidio za saiti kutoka angani Mtwara, Lindi mpaka Masasi, bei maelewano. Mitaro inaonekana yote vizuri kabisa. Nicheki inboksi.

Fomeni_Mikindani

@Jicho_la_Juu asante ndugu ila sitafuti vidio ya kuonyesha saiti, nataka ya kuwafundisha vibarua waingie mtaroni watoke wazima.

Mzee_wa_Mirunda

Fomeni umefanya jambo la maana sana kuwauliza mmoja mmoja, ukiwauliza kwa pamoja mmeelewa? wote wanaitika ndiyooo na hujui kitu. Nimefanya kazi ya usalama kwenye barabara na majengo huku kusini miaka mingi, nikueleze nilichojifunza.

Kabla ya vidio, ule mtaro kwanza. Kichanga cha mita moja na nusu kikisimama wima hakuna vidio itakayokizuia. Laza kingo, kwa kila mita moja ya kwenda chini rudisha kama mita moja na nusu pembeni, na kama nafasi haipo weka mbao na mirunda ya kukaza pande zote mbili. Hiyo ni kazi ya mwajiri, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inamtaka yeye alinde watu, haisemi awaonyeshe vidio halafu basi. Mita moja ya ujazo ya mchanga ni kama tani moja na nusu. Mtu akifukiwa mpaka kifuani kila akitoa pumzi mchanga unakaza zaidi, hawezi kuvuta tena. Ndio maana dakika ni chache sana.

Sasa vidio. Tatizo la X sio rangi, ni kwamba inakuja baada ya picha ya mtu anayefanya kosa, na macho yanashika kitendo. Wanaiga walichokiona. Kwahiyo kosa usilionyeshe kabisa, onyesha kilicho sahihi mara tatu, mtu yule yule, kwenye mtaro wenu wenyewe. Mshale toa, weka mkono wa mtu wanayemjua, kidole kinapita juu ya ufa taratibu. Na usianze na ufa umejaa kioo kizima, mtu hajui anaangalia ukuta au ramani. Anza mbali, aonekane fundi amesimama kando ya mtaro, halafu simu isogee naye mpaka kidole kifike.

Maneno sasa, hapa wengi wanakosea. Usiseme "usiruke". Miksa inanguruma, ile "usi" inamezwa, kinachofika sikioni ni "ruke". Sema kinachotakiwa kufanywa. Mimi ningekupa maneno matatu tu kwa huo mtaro:

"Ngazi kwanza." Mtu haingii mpaka ngazi imesimama, na ngazi ipite juu ya ukingo kama mita moja apate pa kushika.

"Kifusi hatua mbili." Udongo uliochimbwa ukae hatua mbili kutoka ukingoni, usitaje mita, hatua ya mguu wake kila mtu anayo.

"Rimu ikilia, panda."

Fomeni_Mikindani

Mzee wangu shikamoo. Hilo la "usi" kumezwa nimelifanyia majaribio leo mchana karibu na miksa, ni kweli tupu. Ila rimu sijaelewa, na kwanini nisiseme tu "hatari"? Neno hilo kila mtu analijua.

Mzee_wa_Mirunda

Marahaba. "Hatari" vijana wanaitana kutwa nzima, mtu akifunga goli hatari, akivaa vizuri hatari. Neno la kuokoa lazima liwe halitumiki kwa kitu kingine. "Toka" nayo ni hivyo hivyo, saiti nzima toka hapo, toka na karai.

Rimu ni lile la gari lililotundikwa shuleni kama kengele. Hata aliyeishia darasa la pili anaijua sauti ya rimu, na inapita juu ya kelele za miksa kuliko koo la mtu. Tundika moja karibu na mtaro, chuma cha kugongea kifungwe kwa kamba kisipotee. Mapigo matatu ya haraka, mtu wa juu anaita panda, panda, panda. Usiligonge kwa chakula wala kwa malipo, ukigonga kwa chakula umeliua.

Mama_Kokoto

Naomba niongee na mimi, nabeba maji na kokoto saiti Lindi. Sie tulionyeshwa vidio, wote humo ndani ni wanaume wana kofia na gambuti. Tukajua inawahusu mafundi. Mtaro sisi ndo tunaupita na ndoo kichwani, ndoo ikiwa kichwani chini huoni, unapita ukingoni hapo hapo kwasababu ndo njia fupi. Hakuna aliyetuambia njia yetu ipite wapi. Na siku shoga yangu alipotumbukia alikuwa ana kanga, ngazi ikamshinda.

Fomeni_Mikindani

Mama umenifungua macho, wabeba maji wangu wanne wote wanapita hapo hapo, sikuwahi kuliona. Kesho naweka njia yao kwa kamba na nguzo mbali na ukingo, na kwenye vidio namuweka mmoja wao anapita na ndoo.

Kusini_Damu

Bado mi nasema Kimakonde.

Mzee_wa_Mirunda

@Kusini_Damu kuna ukweli wako, kuelezea kwa nini mchanga unabomoka mtu anaelewa zaidi kwa lugha ya nyumbani. Lakini hapo saiti kuna Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, na siku ya tukio anayepiga kelele anaweza kuwa yeyote. Yale maneno matatu yabaki ya Kiswahili yale yale, sauti ile ile, kila siku. Maelezo yapigwe kwa lugha yoyote.

Saidia_Fundi_Chuno

Mi naona muwaonyeshe mtu aliyefukiwa kabisa, picha halisi, woga ndo mwalimu. Kaka yangu alianguka jukwaani, mirunda ilikuwa imeoza, tangu hapo kila mrunda naukagua kwa panga.

Mzee_wa_Mirunda

Pole sana kwa kaka. Niliwahi kutumia picha za namna hiyo. Waliziongelea wiki nzima, nikiuliza ngazi inakaa wapi hakuna anayejua. Woga waliubeba, kitendo hawakubeba. Wenzangu wengine wanazitumia na wanaona zinasaidia, siwezi kukubishia kabisa.

Ila kitu kimoja kinachohusu kufukiwa lazima kiwepo. Mwenzako akifukiwa mwili unataka kumrukia, na ukingo wa pili unakusubiri wewe. Neno lake liwe "baki juu, gonga rimu". Hilo ndilo gumu kuliko yote kulifundisha kwa vidio.

Fomeni_Mikindani

Narudi na mrejesho wakuu. Tumepiga klipu tatu, kila moja sekunde 40 hivi, simu nimeilaza. Fundi wetu mmoja anayejulikana ndo anaonekana, na dada wa maji kwenye klipu ya pili. Neno linasemwa mara tatu, halafu sauti inakatika sekunde chache ili wao waitikie. Tunaonyesha kwenye tivii ndani ya stoo, nje jua linaua kioo, saa moja kasorobo kabla hawajashika sepetu. Klipu ikiisha tunatoka mpaka mtaroni na kila mgeni ananionyesha kwa mwili: simamisha ngazi, hesabu hatua mbili, sikia rimu, panda. Akikosea anarudia, dole gumba ni baada ya hapo.

Jana nilimfanya yule wa pili, aliyekuwa anaruka, awe ndo anawaonyesha wageni. Wageni walikuwa 11. Tisa waliweka kifusi sawa mara ya kwanza. Wawili walipiga hatua mbili wakiwa wameangalia mtaro badala ya kuupa mgongo, wakaishia ukingoni, nikagundua klipu yenyewe haionyeshi fundi anaanzia kusimama wapi. Nairudia hiyo.

Rimu niligonga saa nne bila kuwaambia. Wa mita moja na nusu walipanda haraka. Kule shimo la maji taka walikuwa wawili na ngazi moja, mmoja akamsubiri mwenzake amalize kupanda. Nimesimamisha kazi ya lile shimo mpaka mbao zije na ngazi ya pili, bosi hajafurahi lakini amekubali.

La "baki juu" bado limenishinda. Niliwauliza mwenzako akifukiwa unafanyaje, wote wakajibu baki juu gonga rimu kama walivyofundishwa. Halafu kijana mmoja wa Newala akaniuliza, na kama ni mdogo wangu? Mzee, huyo ulikuwa unamjibuje?

Mzee_wa_Mirunda

Huyo simjibu kwa maneno. Ndugu wawili usiwaweke mmoja ndani ya shimo na mwingine juu ya shimo hilo hilo. Kila asubuhi uliza nani kaja na nani, kabla hujagawa kazi.